Mirathi ndogo ya California isikimbizwe mahakamani

Familia nyingi za wenzetu walioko California huanza kwa kutafuta wakili, hata pale marehemu alipoacha akaunti tu. Sheria ya jimbo haiwalazimishi.

Tuchukue baba aliyefariki Oakland mwaka 2025, mwezi wa Juni. Benki ana dola 62,000, gari kuukuu, na akiba ya uzeeni ya dola 140,000 iliyoandikwa jina la binti yake. Akiba hiyo inakwenda kwa binti moja kwa moja, na gari halihesabiwi. Hata kiwanja chake cha Tanga hakihesabiwi, kwa kuwa kinachopimwa ni mali iliyomo ndani ya jimbo. Hicho kitafuata taratibu za Tanzania. Zinabaki 62,000, na kikomo cha mirathi ndogo kwa waliofariki kuanzia Aprili 1, 2025 ni dola 208,850.

Warithi wanasubiri siku 40, kisha wote wanaostahili fedha hizo wanatia saini tamko la kiapo na kulipeleka benki pamoja na cheti cha kifo kilichothibitishwa. Benki ikikataa bila sababu ya msingi, inaweza kudaiwa hata gharama za wakili. Karani wa dirishani asiyelijua hilo huwarudisha watu bure, nasi tunashauri waombe kuonana na meneja.

Ila anayepokea fedha hubeba pia madeni ya marehemu, kwa kiasi alichopokea. Na ndugu wakigombana juu ya nani mrithi, hapo mahakama haikwepeki.