Mteja Akikataa Invoisi, Toa Hasira Uache Tarehe

Wasee, tuseme umeshuti harusi hapa Nuu. Wewe na mamake bibi harusi mlipatana video moja, 8,000. Jumatatu akaitisha klipu tatu fupi, ukamwambia kila moja ni 1,000, akajibu "sawa". Sasa ameona invoisi ya 11,000: "Si tulisema 8,000?"

Usitume lile jibu la kwanza. Futa "mnanidharau". Futa pia "samahani", hujakosa. Baki na hii: "Habari ya jioni, mama. 8,000 ni ya video tuliyopatana. 3,000 ni ya klipu tatu ulizoitisha Jumatatu. Ujumbe wako uko hapo juu. Ukipenda, tuma 8,000 leo na 3,000 Ijumaa."

Lakini kama hukutaja bei kabla ya kuanza klipu, hiyo 3,000 omba, usidai.