Choya inashusha presha, lakini inashusha kiasi gani?

Wiki mbili zilizopita dada mmoja aliingia dukani kwetu na mama yake mzazi. Alitaka kununua mashine ya kupimia presha. Mama, mwenye miaka 61, alikaa kwenye kiti cha wateja akacheka: "Mwanangu, huyu ananisumbua bure. Mimi nimeshapona. Nakunywa choya."

Nikamwamkia, nikamwomba anisimulie. Alikuwa akitumia vidonge viwili vya presha kila asubuhi, amlodipini na haidroklorothiazidi, ile ya kupunguza maji mwilini. Jirani akamwambia choya inashusha presha na haina kemikali. Akaanza kuchemsha jagi zima kila siku, akaweka sukari ya kutosha, na vidonge akavifungia kabatini. Wiki ya tatu hiyo, kichwa hakiumi, usingizi anapata.

Ndugu msomaji, jirani yule hakusema uongo, na ndiyo maana jambo hili linahitaji maelezo marefu kuliko "acha kabisa." Choya inashusha presha kweli. Swali ambalo mama hakuuliza ni: inashusha kwa kiasi gani?

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Choya, ambayo wengine huiita rozela, si lile ua kubwa la haibiskasi linalopandwa uani kwa urembo, ingawa ni ndugu. Tunachokausha na kuchemsha si maua yenyewe bali vile vikombe vyekundu, vinene na vichachu, vinavyobaki ua likishadondoka. Wasudani na Wamisri wanaiita karkade, Wanigeria wanatengeneza zobo, Wasenegali bisapu. Kote huko wazee wanasema inafaa kwa presha.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walichapisha matokeo ya jaribio zuri. Walichukua watu wazima 65, wa miaka 30 hadi 70, ambao presha yao ilikuwa imeanza kupanda au imepanda kidogo, na ambao hawakuwa wakitumia dawa yoyote ya presha. Nusu walikunywa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita. Nusu nyingine walipewa kinywaji kilichotengenezwa kifanane nacho kwa rangi na ladha. Waliokunywa choya, namba yao ya juu ilishuka kwa wastani wa kama 7. Wale wengine ilishuka kama 1 tu. Kwa namba ya chini, tofauti kati ya makundi mawili haikuwa ya kutegemewa.

Shikilia hiyo 7, tutaihitaji.

Nikamwomba mama apumzike dakika tano, mgongo ukiegemea kiti, miguu ikikanyaga sakafu bila kukunjwa, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Hilo la kutoongea lilimshinda kidogo. Nikapima mara mbili, dakika moja katikati. Wastani ulikuwa 167 kwa 98.

Dada akatoa kadi ya kliniki mkobani. Siku mama alipogundulika, kabla ya kuanza dawa, iliandikwa 174 kwa 100. Baada ya miezi kadhaa ya vidonge, 136 kwa 82. Sasa tufanye hesabu pamoja. Vidonge vilimtoa kwenye 174 vikamfikisha 136, yaani vilishusha 38. Choya peke yake imemfikisha 167, yaani imeshusha 7. Kwa hiyo choya ya mama huenda haikushindwa hata kidogo. Yaelekea ilifanya kazi yake yote. Ila kazi yake ni ndogo, na mlima wa mama ni mrefu. Mtu mwenye 167 bado yuko kwenye hatari ya kiharusi na ya figo kuharibika polepole, na kichwa kutouma hakumwambii lolote, kwa sababu presha ya juu mara nyingi haiumi mahali popote.

Mama akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa naangalia rangi, sikuangalia namba."

Nilimtuma kliniki asubuhi iliyofuata, na kadi yake na ukweli wote, pamoja na zile wiki tatu. Wengi hurudi kliniki wakaficha kwamba waliacha dawa. Matokeo yake daktari anaona namba kubwa, anadhani dawa haitoshi, anaongeza kipimo. Mgonjwa akirudi nyumbani akameza zote kwa uaminifu, presha inaanguka. Usione aibu kusema.

Hapo mama akauliza swali ambalo nafikiri wasomaji wengi wanalo: je, akirudia vidonge, aendelee na choya yake?

Waliokunywa choya kule Boston hawakuwa kwenye dawa za presha, hivyo usichukue matokeo yao ukayabandika juu ya vidonge vyako. Choya ikikutana na dawa, mambo mawili hujitokeza. La kwanza ni kwamba nguvu zinajumlishana. Choya yenyewe inaongeza mkojo kidogo na kulegeza mishipa kidogo. Mtu anayemeza kidonge cha kupunguza maji, au enalaprili, losatani au amlodipini, anaweza kushuka kupita alipopangiwa. Dalili yake utaiona mtu anaposimama: kizunguzungu, macho kuingia giza, kuyumba anapoamka usiku kwenda msalani. Ukiwa na mashine, mpime akiwa amekaa, kisha asimame, upime tena baada ya dakika moja na baada ya tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, aache choya kwanza na kliniki wajulishwe. Mzee akianguka akavunjika nyonga, ile 7 haina maana tena. Wenye sukari wanaotumia dawa wawe macho pia, kwa kuwa choya yaweza kusukuma sukari chini kidogo, ingawa jagi la mama lingeisukuma juu kwa jinsi lilivyojaa sukari ya dukani.

La pili ni dawa kunyonywa vibaya tumboni. Mwaka 1994 watafiti waliripoti kwamba vinywaji vya Kisudani, karkade ikiwamo, vilipunguza sana kiasi cha klorokwini kinachoingia kwenye damu. Klorokwini hatuitumii tena kwa malaria hapa kwetu, lakini ndugu yake bado anatumiwa na watu wenye lupasi na magonjwa ya viungo. Usisubiri kila dawa ifanyiwe utafiti wake. Meza vidonge vyote kwa maji ya kawaida, choya ikae mbali navyo kwa saa mbili au zaidi, na unapoandikiwa dawa mpya taja choya kama unavyotaja dawa nyingine.

Mama nilimwambia aiache mpaka presha itulie kwa vidonge, kisha amuulize daktari kuhusu kikombe kimoja kwa siku. Hakufurahi sana.

Aliyefurahi ni binti. Alijipima naye, akapata 136 kwa 84. Ana miaka 37, hatumii dawa yoyote, hana mimba. Kwa mtu kama huyu choya ina nafasi, kwa sababu 7 ikitoka kwenye 136 inabaki 129, na hiyo ni tofauti inayoonekana. Nikamwambia afanye hivi. Wiki moja kabla ya kuanza, apime asubuhi na jioni, mara mbili mbili, aandike zote, aziache za siku ya kwanza kwa sababu siku hiyo watu huwa na wasiwasi, kisha atafute wastani. Anywe wiki sita. Katika wiki ya sita apime tena vilevile. Kulinganisha kipimo kimoja cha leo na kimoja cha kesho hakusaidii, maana presha ya mtu yuleyule inaweza kupanda na kushuka kwa 10 kati ya asubuhi na jioni, zaidi ya kile choya inachoweza kufanya. Wastani ukibaki palepale, choya haikumfaa, na aende kliniki kuzungumza mengine, kuanzia na chumvi.

Kipimo cha Boston kilikuwa gramu 1 na robo kwa kikombe cha mililita 240, ikilowekwa kwenye maji yaliyochemka kwa dakika sita. Nyumbani, kijiko kimoja cha chai cha choya iliyovunjwavunjwa, kisichofurika, kinatosha kwa kikombe. Funika, subiri, chuja. Usiongeze sukari, kipande cha tangawizi kinapunguza ukali. Tumia birika la udongo, la kioo au la chuma kisichoshika kutu. Sufuria zetu za alumini hazifai hapa, kwa sababu ule uchachu unatoa chuma cha sufuria na kukiingiza kwenye chai. Uchachu huohuo unakera tumbo lenye vidonda na kula meno, hivyo sukutua kwa maji ukimaliza.

Limebaki kundi moja ambalo linanipa wasiwasi kuliko wote, nalo ni wajawazito. Huku kwetu mama mjamzito akiambiwa damu ni kidogo, mtu wa kwanza kumtembelea anakuja na choya. Ile rangi si damu. Ni rangi ya mmea tu, kama ya zambarau. Na viambato vya choya, kama vya chai ya rangi, vinaweza kuzuia madini ya chuma kunyonywa vizuri, kwa hiyo anayemeza vidonge vya kuongeza damu kwa glasi ya choya huenda anajipunguzia mwenyewe. Kuhusu usalama wa mtoto tumboni, wanyama wa maabara waliopewa choya nyingi wakati wa mimba walizaa watoto wenye mabadiliko ya ukuaji, na kwa binadamu hakuna utafiti wa kutosha wa kuwatoa hofu wajawazito. Na kama presha imepanda ukiwa na mimba, hasa ikiambatana na kichwa kuuma sana, kuona nyotanyota au maumivu chini ya mbavu, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Jumamosi iliyopita binti alinitumia picha ya kadi mpya. Mama amerudi kwenye vidonge, presha 144 kwa 86 na bado inashuka. Chini yake akaandika kwamba mama anauliza kama kikombe kimoja cha Jumapili kinahesabika.