Ripoti ya Msimamizi Isiyosema Kitu

"Mwanafunzi anaendelea vizuri, ila anahitaji kuongeza bidii." Sentensi hii imejaa katika ripoti za maendeleo za wanafunzi wa uzamivu. Inaonekana ya huruma, lakini haimsaidii yeyote. Kamati haioni tatizo, na muda wa usajili unapokwisha mwanafunzi hana hati inayoeleza kwa nini anastahili kuongezewa muda. Wapo pia wasimamizi wanaoandika kwamba mwanafunzi "hana ari". Hiyo ni hukumu juu ya nafsi yake, na haionyeshi kazi ilikwama wapi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi alipanga kukamilisha mahojiano 40 kufikia Desemba 2024. Mwishoni mwa Juni 2025 amefanya 22. Sentensi ile ya kwanza ingeweza kuandikwa upya hivi:

"Hadi Juni 30, mahojiano 22 kati ya 40 yamefanyika, kazi iko nyuma kwa miezi sita. Miezi minne ilipotea kwa kusubiri kibali cha utafiti. Baada ya kibali kutoka, ukusanyaji wa data umekwenda polepole kuliko ilivyopangwa, na sura ya pili, iliyoahidiwa mara mbili, haijawasilishwa. Msimamizi naye alirejesha maoni ya sura ya kwanza baada ya wiki tisa badala ya nne. Mahojiano yaliyokwisha kunakiliwa ni ya kina na yanajibu maswali ya utafiti."

Maneno haya ni makali kuliko yale ya awali, lakini ni ya haki zaidi. Kila dai linaweza kuhakikiwa na mtu asiyemfahamu mwanafunzi. Ucheleweshaji wa ofisi, wa mwanafunzi na wa msimamizi umetenganishwa, kwa kuwa kila mmoja una dawa yake. Sifa nayo imetajwa kwa ushahidi, si kama sukari ya kulainisha dawa chungu.

Baada ya hapo ndipo mpango unapofuata: sura ya pili iwasilishwe Agosti 15, maoni yarudi ndani ya wiki nne, mahojiano 18 yaliyosalia yakamilike Septemba 30. Tarehe ya kwanza ikipita bila sura, pande zote zikutane na mratibu ndani ya wiki mbili, wala zisisubiri ripoti ijayo. Mpango usiotaja nani atafanya nini, na lini, ni nasaha tu.

Kuna mipaka. Ugonjwa au msiba hauhitaji kusimuliwa. Inatosha kuandika kwamba kulikuwa na dharura iliyothibitishwa, na muda uliopotea. Tena, mwanafunzi aisome rasimu kabla haijapelekwa, aweze kusahihisha tarehe au kuongeza maelezo yake. Akikutana na lawama kwa mara ya kwanza ndani ya ripoti, basi usimamizi wenyewe ulikwishalegea miezi mingi kabla.