Sheria ya Bure Isomwe na Tarehe Yake



Siku hizi sheria ya nchi haikai tena ndani ya kabati la wakili peke yake. Mwenye simu aweza kufungua tovuti ya TanzLII, ya Mahkama ya Tanzania, akasoma sheria na hukumu bila ya kutoa hata senti moja. Jambo hilo tunalishukuru. Lakini tunaona watu wengi wakishaipata karatasi wanaridhika, wala hawaulizi ni ya mwaka gani. Rai yetu ni kwamba sheria isiyojulikana tarehe yake ni afadhali isisomwe kabisa, kwa kuwa humpa mtu ujasiri wa bure.

Tutoe mfano wa wakulima wenzetu wa kakao kule Kyela, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Tuseme jirani amesogeza mpaka na kuchukua safu mbili za mikakao, na mwenye shamba ataka kujua aende wapi. Kijana wake aandika hivi katika tovuti:

```
Land Disputes Courts Act
```

Hiyo ndiyo Sura ya 216, sheria ya mahkama za migogoro ya ardhi. Akiangukia toleo la mwaka 2002 au la 2019, atasoma kwamba Baraza la Kata lina uwezo wa kuamua mgogoro wa ardhi ambayo thamani yake haizidi shilingi milioni 3. Ni maneno ya sheria ya kweli, yenye nembo ya serikali, na hakuna aliyeyaghushi. Ila yamekwisha nguvu.

Tarehe 11 Oktoba 2021 sheria hiyo ilibadilishwa. Tangu hapo Baraza la Kata hupatanisha tu, haliamui. Likishindwa kupatanisha hutoa cheti, na kwa cheti hicho mdai huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila ya suluhu, kifungu cha 13 chamruhusu kwenda huko hata bila ya cheti. Basi yule aliyeshika karatasi ya zamani atangoja hukumu ya Kata, na hata akipewa, mwenzake akikata rufaa hukumu hiyo itatupwa, kwa sababu waliomhukumia hawakuwa na mamlaka. Misimu miwili ya kakao itakuwa imevunwa na jirani.

Mtu atauliza, kwa nini wengi hawakuyaona mabadiliko hayo? Ni kwa sababu hayakuletwa na sheria yenye jina la ardhi. Yalikuja ndani ya Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali (Na. 3), iliyo Na. 5 ya mwaka 2021, ambayo iligusa sheria nyingine kadha wa kadha. Mwenye kutafuta neno ardhi katika orodha ya majina ya sheria haioni. Desturi hii ya kufunga mambo mengi katika furushi moja hatuipendi, lakini ndiyo iliyopo.

Kwa hiyo mtazamaji atazame kwanza juu ya ukurasa, penye herufi R.E. na mwaka. Hizo zaonyesha toleo la urekebu, yaani marekebisho yote yaliyokusanywa hadi mwaka ule. Toleo jipya ni la 2023, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Baada ya hapo atazame sheria za marekebisho zilizopitishwa tangu toleo lile, asome za ndani si majina. Na namba za vifungu zaweza kuhama katika urekebu, basi asiamini namba bila ya kusoma maneno yenyewe.

Njia iliyo nyepesi zaidi, kwa maoni yetu, ni kuwasikiliza majaji. Atafute hukumu zilizotaja kifungu chake, aanze na za mwaka huu na mwaka jana. Penye jina la kesi huandikwa mwaka ndani ya mabano na herufi TZHC kwa Mahkama Kuu au TZCA kwa Mahkama ya Rufani. Jaji wa juzi akisema kifungu kimebadilishwa, swali limekwisha. Hukumu ya 2018 juu ya uwezo wa Kata ni ya kweli kwa siku yake tu.

Na sisi wa mikarafuu tusichukue Sura ya 216 tukaja nayo visiwani. Ardhi si jambo la Muungano. Huku kuna Sheria ya Mahkama ya Ardhi Na. 7 ya 1994, nayo itafutwe miongoni mwa sheria za Zanzibar, kama katika tovuti ya ZanzibarLII, na iulizwe yale yale: imebadilishwa lini, na hukumu ya karibuni yasemaje. Mwanachama atakayeleta nakala ya sheria ofisini kwa ajili ya shauri la mpaka, tunamwomba aandike pembeni mwaka wa toleo na siku aliyoitoa.