Azam wana pesa na uwanja, mbona ubingwa hauji?

Tangu mwaka 2001, ubingwa wa Ligi Kuu Bara umetoka nje ya Simba na Yanga mara moja tu. Ni msimu wa 2013/14, Azam FC walipobeba ndoo bila kupoteza mechi hata moja. Wengi waliamini zama mpya zimeanza Chamazi. Hazikuanza.

Kijiweni jibu la haraka ni "mpira wa Bongo una wenyewe." Lakini kuna jibu la maana zaidi. Mwaka 1991 msomi wa biashara wa Marekani, Jay Barney, aliandika kwamba mali inayompa mtu ushindi wa kudumu lazima ipite kwenye maswali kadhaa. Matatu ya kwanza ni haya: Ina thamani? Ni adimu? Na mwenzako anaweza kuiga? Ikikwama kwenye moja, ushindi wake ni wa muda, au haupo kabisa.

Anza na uwanja wa Chamazi. Thamani ipo, maana timu inafanya mazoezi na kucheza kwake. Ni adimu pia. Simba na Yanga, pamoja na ukubwa wao, kwa miaka mingi wamechezea Uwanja wa Taifa, sasa Benjamin Mkapa, ambao ni mali ya serikali.

Tatizo ni kwamba mpinzani hana haja ya kujenga wa kwake ili afaidike. Msimu wa 2023/24 Yanga walicheza mechi zao nyingi za nyumbani hapohapo Chamazi, na wakawa mabingwa. Kitu ambacho mpinzani anaweza kukipata kwa kulipia hakiwezi kuwa siri ya ushindi wako. Halafu Azam wakimkaribisha mmoja wa vigogo hao, majukwaa yanajaa jezi za mgeni. Uwanja ni wako, kelele si zako.

Njoo kwenye pesa. Azam walipoingia, mshahara unaolipwa kwa wakati ulikuwa jambo la ajabu kwenye ligi yetu. Hapo pesa ilikuwa na thamani na ilikuwa adimu. Ila ndiyo mali rahisi kuliko zote kuigwa, kwa sababu anatakiwa tajiri mwingine tu. Simba wakapata wao, Yanga wakapata wao, na faida ya Wanalambalamba ikayeyuka.

Ushahidi ni dirisha la usajili la 2017. John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni walitoka Azam wakaenda Msimbazi kwa mpigo. Simba wakachukua ubingwa wa 2017/18, kisha mingine mitatu mfululizo. Mchezaji bora ana thamani na ni adimu, lakini ana miguu. Mkataba ukiisha, ubora wake unaondoka naye.

Sasa tazama walichonacho Simba na Yanga: watu. Yanga ilianza 1935, Simba ikafuata 1936. Mtoto anarithi timu kwa baba au babu kabla hajajua kusoma. Watu hao ndio wanaonunua jezi na tiketi, na ndio wanaowavuta wadhamini. Huwezi kumpa mkandarasi kazi ya kujenga ushabiki ukabidhiwe baada ya miaka miwili. Hata viongozi wa klabu hizo wakiulizwa ni kitu gani hasa kiliuzaa, watatoa majibu tofauti. Jambo lisilojulikana limetengenezwaje haliigiki.

Lakini vigogo wasivimbe kichwa. Mashabiki wanawapa faida mbele ya Azam na wengine, si mbele ya wao kwa wao, kwa kuwa wote wawili wanao. Ndiyo maana Simba wakichukua minne mfululizo, Yanga nao wanachukua minne mfululizo kuanzia 2021/22. Kati yao, anayeshinda ni yule aliyesajili na kujiongoza vizuri zaidi msimu huo, na hayo yanaigika.

Azam wafanye nini? Waache kushindana kwa usajili wa majina makubwa, maana kwenye mnada huo wenye mashabiki hawakosi pesa. Mali yao ya kweli ni akademi. Kumlea kijana miaka sita au saba, chini ya walimu walewale na mfumo uleule, hakununuliki dirisha moja. Kipimo ni rahisi: mchezaji mmoja akiuzwa, kuna mwingine wa nafasi hiyo aliyekwisha kuiva? Kama yupo, mpinzani amenunua tunda, mti umebaki Chamazi. Kama hayupo, Azam wataendelea kuwa bustani ambayo wengine huenda kuchuma.

Na watu wa Mbagala na Chamazi wapo jirani kabisa na geti. Ushabiki unaanzia kwa mtoto. Ukipandwa leo, utavunwa miaka ishirini ijayo, na hata Simba na Yanga walisubiri.