"Jaza Karatasi Tu": Ushauri Unaowaponza Wanafunzi wa Uuguzi

Katika vyuo vya uuguzi na ukunga kuna elimu ya bwenini isiyo kwenye mtaala wowote. Mwaka wa tatu humfundisha mwaka wa kwanza namna ya kumkabili mtahini, na maneno yale yale hurithishwa kila muhula. Baadhi yake yana faida. Mengine, kwa sisi tunaokaa upande wa pili na kalamu nyekundu, ndiyo yanayotueleza kwa nini mwanafunzi anayejua kazi wodini anapata alama 9 kati ya 20.

La kwanza na lenye nguvu kuliko yote ni hili: "Jaza karatasi. Mwalimu akiona umeandika sana, hawezi kukunyima."

Anaweza, tena bila kinyongo. Msahihishaji ana mwongozo mkononi, na ndani yake kila alama imefungwa kwenye hoja fulani. Asipoiona hoja hiyo hana mahali pa kuweka tiki, hata ukurasa ukiwa umejaa hadi pembezoni. Chukua swali la majibu mafupi linalosema: taja sababu nne za mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, alama 4. Jibu kamili ni mistari minne. Mfuko wa uzazi kulegea, michubuko au kuchanika kwa njia ya uzazi, mabaki ya kondo la nyuma, na tatizo la damu kutoganda. Anayeanza kwa aya nzima juu ya umbile la mfuko wa uzazi na tabaka zake hajaongeza kitu, ametumia tu dakika za swali jingine. Na anayetaja sababu saba ili "nne zijichague zenyewe" anacheza kamari. Wasahihishaji wengi husoma nne za mwanzo na kuziacha zilizobaki. Kama mbili kati ya hizo za mwanzo ni makosa, zile sahihi zilizo chini haziji kumwokoa.

Kitenzi cha swali ndicho kinachopima urefu. Ukiambiwa taja au orodhesha, toa jina la kitu na uhame. Ukiambiwa eleza, kila hoja inadai sentensi moja au mbili za kuonyesha kwa nini au kwa namna gani. Ukiambiwa jadili, unatakiwa kupima pande zaidi ya moja. Nimeona wanafunzi wanaolijibu "eleza" kwa orodha ya maneno matupu wakiondoka na nusu ya alama, nao hujiona wameonewa kwa sababu hoja zote zilikuwemo.

Wengine husema: "Maliza swali moja kikamilifu kabla hujagusa lingine." Ushauri huu unasikika wa busara mpaka uupigie hesabu. Tuseme karatasi ina alama 100 na muda ni saa 3, yaani dakika 180. Toa dakika 5 za kusoma maswali yote na 15 za kupitia majibu mwishoni. Zinabaki 160, sawa na dakika 1.6 kwa kila alama. Swali fupi la alama 5 linapata dakika 8. Insha ya alama 20 inapata dakika 32. Hesabu hiyo iandikwe kwenye karatasi ya rasimu kabla ya jibu la kwanza, pamoja na saa ambayo kila sehemu inatakiwa iwe imeisha.

Sasa mfikirie anayeng'ang'ania insha ya kwanza kwa dakika 50 kwa sababu anaijua sana. Insha ya pili inabakiwa na dakika 14. Zile dakika 18 za ziada zilimpatia alama moja au mbili za mwisho, ambazo siku zote ni ngumu kuzipata. Upande wa pili amepoteza alama za mwanzo za swali jingine, yaani maana, sababu na dalili, ambazo ndizo za kuokota. Dakika 32 zikiisha, acha nafasi ya nusu ukurasa, hama, urudi katika zile 15 za mwisho. Kuhusu kuanza na insha au na maswali mafupi, sina ugomvi na mtu. Anza unapopaweza, mradi saa unaiangalia.

Hoja ninayoipinga kwa moyo wote ni ile ya wanaojiona hodari: "Mpango unapoteza muda, na insha ya uuguzi ni ugonjwa tu. Andika maana, sababu, dalili, tiba, umemaliza."

Huo ni mpangilio wa kitabu cha magonjwa. Swali la uuguzi mara nyingi linamweka mgonjwa mbele yako na kukuuliza wewe utafanya nini, kwa utaratibu gani, na kwa nini. Tuchukue mfano. Mama wa miaka 28, uzazi wa nne, amejifungua kwa njia ya kawaida dakika 30 zilizopita, mtoto ana kilo 4.2. Kondo limetoka. Damu iliyopotea inakadiriwa kuwa mililita 700, mapigo ya moyo ni 118 kwa dakika, shinikizo la damu ni 90/60, na mfuko wa uzazi ni laini ukiugusa. Sehemu (a) inataka maana ya kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, alama 2. Sehemu (b) inataka sababu nne, alama 4. Sehemu (c) inasema: eleza kwa mpangilio hatua za kiuuguzi utakazochukua katika nusu saa ya kwanza, alama 14.

Gawa dakika 32 kabla hujaandika. Sehemu (a) dakika 3, (b) dakika 6, (c) dakika 22 na ushee. Maana inakwisha kwa sentensi moja: kupoteza damu mililita 500 au zaidi baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, na inaitwa ya awali ikitokea ndani ya saa 24. Sababu umeshaziona juu.

Uzito wote uko kwenye (c), na hapo ndipo dakika 3 za mpango zinapolipa. Alama 14 zinakwambia kitu. Kwa kuwa umeambiwa eleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba mtahini anatafuta hatua saba, kila moja ikiwa na alama ya kitendo na alama ya sababu. Kwenye rasimu andika maneno saba tu, kisha yapange kwa namba kufuatana na kinachoua haraka: msaada, kukanda, oksitosini, mshipa, kibofu, ukaguzi, ufuatiliaji. Ukiruka hatua hii utajikuta umeandika "nitampa chai ya moto na kumfariji" kwenye mstari wa pili huku mfuko wa uzazi bado umelegea. Kumfariji mama ni kazi yako kweli, lakini hakutangulii kuzuia damu.

Kisha andika, kila hatua na aya yake fupi. Nitapiga kelele kuomba msaada bila kumwacha mama, kwa sababu hatua kadhaa lazima zifanyike kwa wakati mmoja. Nitakanda mfuko wa uzazi kupitia tumboni hadi ukaze na kutoa mabonge ya damu, kwa sababu misuli ikikaza ndipo inapobana mishipa iliyo wazi pale kondo lilipokuwa limeshika. Nitampa oksitosini uniti 10 kwenye msuli ili mfuko uendelee kukaza. Nitaweka kanula nene mbili, namba 16 au 18, nichukue damu ya kupima kundi na wingi wake, nianzishe dripu ya kurudisha maji yaliyopotea, na kwa maelekezo nimpe asidi ya traneksami gramu 1 polepole kwenye mshipa kwa dakika 10, kwa kuwa inasaidia damu kuganda na inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu kujifungua. Nitamwaga kibofu kwa katheta, kwa sababu kibofu kilichojaa huuzuia mfuko wa uzazi kukaza. Nitakagua kondo na utando kama vimekamilika, na njia ya uzazi kama imechanika, ili nisiendelee kutibu ulegevu huku damu inatoka kwenye mchaniko.

Hatua ya saba ndiyo wengi huisahau, nayo haina ugumu wowote. Nitapima mapigo, shinikizo na kiasi cha damu kila dakika 15 na kuandika. Kisha utaje unachotarajia kukiona: mfuko wa uzazi mgumu, damu imepungua, mapigo yanashuka kuelekea chini ya 100, mkojo angalau mililita 30 kwa saa. Bila vipimo hivyo, sentensi ya "nitatathmini hali ya mgonjwa" haimwambii msahihishaji chochote. Malizia kwa utakachofanya hali isipobadilika, yaani kuuminya mfuko wa uzazi kwa mikono miwili, kumwita daktari kama hajafika, na kuandaa damu na rufaa. Mpangilio wenyewe unaonyesha kwamba umeshika mgonjwa, hukukariri ugonjwa.

Kuna wanaosema usipokuwa na uhakika uache wazi. Katika maswali ya kujieleza, nafasi tupu ina alama sifuri ya uhakika, kwa hiyo andika unachokijua. Ila kubahatisha dawa ni jambo jingine. Anayempa ajometrini mama mwenye shinikizo la juu la damu, kwa sababu amekumbuka kwamba "nayo hukaza mfuko", ameandika jibu la hatari, na msahihishaji mkunga halipiti kimya kimya. Kama dozi hujaikumbuka, andika kitendo na sababu yake, uache namba.

La mwisho ni lile la kujitetea: "Kiingereza ndicho kinaniangusha." Mitihani yetu iko kwa Kiingereza, hilo ni kweli, na nawahurumia wanaofikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine wakiwa wanakimbizana na saa. Lakini mwongozo wa kusahihishia hauna alama za ufasaha. Sentensi fupi yenye kitendo, kiasi na sababu inapata tiki zake hata kama sarufi inachechemea. Makosa ya lugha yanayoumiza ni yale machache yanayogeuza maana. Herufi mbili zikikosewa, shinikizo la chini linakuwa la juu. Misoprosto ya mikrogramu 800 ikiandikwa miligramu, umezidisha dozi mara 1,000. Na ile "U" ya haraka unayoiweka baada ya 10 kumaanisha uniti husomeka kwa urahisi kama sifuri, 10 ikawa 100. Liandike neno zima.