Asilimia 150 ya Semina

Arusha ni mji wa semina, na kila semina huzaa ripoti. Katika ripoti nyingi ninazopewa kuzisoma, mafanikio huelezwa kwa sentensi moja: uelewa wa washiriki umeongezeka kwa asilimia kadhaa. Sentensi hiyo haitoshi kumshawishi mtumishi wa umma anayegawa fedha.

Tuchukulie mfano wa kubuni. Walimu wa Arusha mjini wanapata wastani wa alama 60 katika jaribio la awali na 80 katika jaribio la mwisho. Wenzao wa Ngarenanyuki, chini ya Mlima Meru, wanatoka 20 hadi 50. Kwa hesabu ya ripoti zetu, mjini wameongezeka kwa asilimia 33, Ngarenanyuki kwa asilimia 150. Lakini asilimia 150 imetokana zaidi na udogo wa 20 kuliko ubora wa mafunzo.

Mwanafizikia Richard Hake, katika makala yake ya mwaka 1998, aligawa ongezeko kwa nafasi iliyokuwa imebaki hadi 100:

```
g = (mwisho - awali) / (100 - awali)
```

Mjini ni 20 kwa 40, yaani 0.50, Ngarenanyuki ni 30 kwa 80, yaani takriban 0.38. Mshindi amebadilika! Sasa tupime ukubwa wa athari, yaani ongezeko gawanya kwa mchepuko sanifu. Ikiwa alama za mjini zimetawanyika kwa mchepuko wa 20, jibu ni 1.0. Ikiwa Ngarenanyuki mchepuko ni 10, jibu ni 3.0, na ushindi unarudi mlimani.

Hapa hakuna kipimo kinachodanganya. Cha Hake huuliza ni sehemu gani ya pengo iliyozibwa, nacho huelekea kuwapendelea walioanza juu. Cha pili huuliza kundi limesogea kiasi gani likilinganishwa na mtawanyiko wake, hivyo kundi la watu wanaofanana huonekana limepaa. Ndiyo maana nadai ripoti itoe wastani zote mbili, mchepuko, na idadi ya waliofanya majaribio yote mawili. Walioondoka kabla ya jaribio la mwisho (mara nyingi ni wale waliokuwa wanatatizika) wakibaki katika wastani wa awali peke yake, ongezeko hujipandisha lenyewe.

Hata hivyo, 1.0 ya semina isilinganishwe na matokeo ya utafiti wa KiuFunza, uliohusisha shule 350 katika wilaya 10 za Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019. Huko ruzuku pekee haikuinua alama za wanafunzi. Ruzuku pamoja na motisha kwa walimu ziliziinua, kwa kiasi kisichofika nusu ya mchepuko mmoja. Kiasi hicho kilipimwa dhidi ya shule ambazo hazikupewa chochote, zilizochaguliwa kwa bahati nasibu. Semina ya siku tatu hujilinganisha na asubuhi ya siku yake ya kwanza, mara nyingi kwa maswali yaleyale.